Mbwa wa Nyumbani na Mtoto Mchanga: Maandalizi Kabla ya Kuzaliwa na Uangalizi Baada Yake



Familia nyingi tunazozungumza nazo kuhusu jambo hili hutujibu kwa maneno yanayofanana: "Mbwa wetu ni mpole, hajawahi kumng'ata mtu." Hatuna sababu ya kulikanusha jibu hilo. Tunachoomba ni kwamba lisichukuliwe kuwa dhamana. Mbwa aliyekuwa mpole kwa miaka mitano amekuwa mpole kwa watu anaowajua, yaani wanaotembea wima, wanaonena kwa sauti aliyoizoea na kusogea kwa namna anayoweza kuitabiri. Mtoto mchanga hafanani na hao. Hulala chini au kitandani, hurusha mikono na miguu ghafla, na hulia kwa sauti nyembamba ambayo mbwa wengine huisikia kama sauti ya mnyama mdogo. Mbwa ambaye hajawahi kuona kichanga hana namna ya kujua kwamba kiumbe huyo ni binadamu.

Ndiyo maana watoto wadogo wanaong'atwa nyumbani mara nyingi hung'atwa na mbwa wanayemfahamu, tena sehemu za kichwa, uso na shingo, kwa kuwa ndizo zilizo karibu na mdomo wa mnyama. Kwa hiyo mazungumzo yetu yana kanuni moja tu, na mengine yote ni njia za kuitimiza: mbwa na mtoto mchanga wawe pamoja mbele ya mtu mzima anayewatazama na anayeweza kuwafikia kwa mkono, nje ya hapo, pawe na mlango uliofungwa kati yao.

Mabadiliko yaje kabla ya mtoto

Tuchukue mfano wa nyumba moja ili jambo hili lieleweke kwa hatua zake. Mbwa anaitwa Simba, ana miaka mitano, na ni mkubwa kiasi cha kumfikia mtu mzima kiunoni anaposimama kwa miguu ya nyuma. Usiku hulinda uwanja. Mchana hulala sebuleni kwenye mkeka, karibu na kiti cha mama mwenye nyumba. Mama ndiye anayempa chakula, jikoni, wakati wa kupika. Arudipo kazini jioni, Simba humrukia kwa furaha. Mtoto anatarajiwa kuzaliwa mwanzoni mwa Juni.

Tukiacha mambo yalivyo, siku mtoto atakapoingia nyumbani Simba atapoteza mkeka wake, jikoni pake, saa yake ya chakula na mtu wake, vyote kwa pamoja. Mbwa hufungamanisha mambo yanayotokea kwa wakati mmoja. Akipoteza haya yote siku ile ile aliponusa harufu mpya ndani ya nyumba, harufu hiyo itakuwa kwake ishara ya hasara. Kwa hiyo familia hii inaanza mapema, mwanzoni mwa Aprili, wiki nane kabla.

Jambo la kwanza ni kumpeleka Simba kwa daktari wa mifugo. Achunguzwe kama ana maumivu, hasa ya masikio, meno na viungo, kwa maana mbwa mwenye maumivu huuma upesi akiguswa. Apewe dawa ya minyoo, na chanjo ya kichaa cha mbwa iwe haijapitwa na wakati. Dai cheti kinachoonyesha tarehe, aina ya chanjo, namba ya toleo lake na sahihi ya aliyechanja. Cheti hicho ni haki ya mnunuzi wa huduma, na siku ya ajali kitahitajika.

Jambo la pili ni kuhamisha mazoea. Katika nyumba yetu ya mfano, baba anachukua kazi ya kumlisha Simba, saa 12 asubuhi na saa 12 jioni, na bakuli linahamia barazani. Mkeka nao unasogezwa kidogo kidogo, kama hatua moja kila baada ya siku mbili, kutoka kando ya kiti cha mama hadi karibu na mlango wa baraza. Mbwa anayehamishwa hivyo hubaki na mahali pake, ila mahali penyewe ni papya. Chumba atakacholala mtoto kinafungwa tangu sasa, ili mlango huo usije ukafungwa kwa sababu ya mtoto.

Jambo la tatu ni kuruka. Mama atakapokuwa na kichanga kwenye mbeleko, mbwa wa ukubwa wa Simba akimrukia anaweza kumwangusha. Simba hapigwi wala hafokewi kwa hili. Anaporuka, mama anageuka, anakunja mikono na kukaa kimya. Miguu yote minne ikiwa chini, ndipo anapomsemesha na kumpa kipande cha nyama kisichozidi ukubwa wa punje ya harage. Wote nyumbani wafanye vivyo hivyo, pamoja na msaidizi wa kazi na wageni wa mara kwa mara. Mtu mmoja akiendelea kufurahia kurukiwa, juhudi za wengine hazitafika mbali.

Kuzoeza sauti na umbo

Wiki tano kabla, familia inaanza kuchezesha kilio cha mtoto kilichorekodiwa kwenye simu. Sauti ianze kuwa ya chini kiasi kwamba Simba anageuza masikio tu bila kuinuka. Wakati kilio kikisikika, anapewa vipande vya nyama. Kilio kikikoma, nyama inakoma. Dakika tano, mara mbili kwa siku, zinatosha. Kila baada ya siku mbili au tatu sauti inaongezwa kidogo. Akianza kulialia, kuzungukazunguka au kukataa nyama, sauti imeongezwa haraka mno. Rudini kwenye kiwango cha jana.

Hapa pana ishara moja ambayo haipaswi kupuuzwa. Ikiwa mbwa anakwenda upande wa sauti akiwa kimya, mwili umekaza, macho yameganda mahali pamoja na hasikii akiitwa, huo si udadisi wa kawaida. Hivyo ndivyo mbwa anavyomwendea panya au kuku. Simamisheni mazoezi, mkamweleze daktari wa mifugo mlichokiona, na mjue kwamba mbwa huyo huenda asifae kukaa chumba kimoja na mtoto hata mbele yenu.

Katika wiki hizo hizo mama anajifunga mbeleko yenye mwanasesere au nguo iliyokunjwa na kufanya kazi zake za kila siku. Simba hatadanganyika, atanusa na kujua kuwa si mtoto. Faida iko kwingine: anajifunza kutembea kando ya mtu aliyebeba kitu bila kukirukia, na familia inajifunza ni wapi njia zao na za mbwa zinapogongana, kwa kawaida mlangoni, jikoni na kwenye korido. Hapo ndipo panapohitaji kizuizi.

Wengi hutuuliza kuhusu vizuizi hivyo, vya dukani na vya kutengenezwa na seremala. Vyote vinaweza kufaa kwa masharti yale yale. Nguzo zake ziwe za wima, kwani za mlalo humpa mtoto ngazi ya kupandia baadaye. Pengo kati ya nguzo na nguzo, na kati ya kizuizi na sakafu, lisizidi sentimeta 6, ili kichwa cha mtoto kisinase. Kifungwe ukutani kwa skrubu. Kile kinachobanwa tu hakimzuii mbwa mkubwa aliyeamua kupita. Urefu upimwe kwa mbwa wenu: akiweza kuweka miguu ya mbele juu yake na kuvuka, ni kifupi. Kwa mbwa kama Simba tungeshauri mita moja au zaidi. Muulizeni muuzaji au fundi kama rangi iliyopakwa haina risasi, kwa sababu mtoto atakuja kuitafuna.

Siku ya kurudi nyumbani

Mama akiwa bado hospitali, baba anarudi na kitambaa alichofungwa mtoto. Anakishika mkononi, anamruhusu Simba akinuse kwa umbali wa hatua moja, anampa kipande cha nyama, kisha anakiweka mbali. Kitambaa hicho hakiachwi kwa mbwa akichezee wala akilalie. Somo ni kwamba harufu ile huja na jambo jema, na kwamba kitu chenye harufu ile hakishikwi kwa mdomo.

Siku ya kurudi, Simba anatembezwa kwanza hadi achoke kidogo. Mama anaingia peke yake, mikono mitupu, kwa kuwa mbwa hajamwona kwa siku kadhaa na furaha yake itakuwa kubwa. Amsalimie hadi atulie. Ndipo mtoto anapoingizwa na mtu mwingine, moja kwa moja hadi chumbani, mlango ukafungwa. Si lazima wakutane siku hiyo. Nyumba yenye ndugu, majirani na sufuria zinazochemka si mahali pa kufanyia utambulisho.

Wanapokutana, kesho yake au keshokutwa, watu wazima wawe wawili: mmoja ameketi na mtoto, mwingine ameshika kamba ya mbwa. Kamba ilegee, maana kamba iliyokazwa humweleza mbwa kwamba pana hatari. Waanze umbali wa mita 2 au 3. Simba akitazama na kugeuza uso, anasifiwa na kupewa nyama. Akiwa ametulia anaruhusiwa kusogea na kunusa miguu ya mtoto kwa sekunde mbili au tatu, kisha anaitwa arudi. Tunasema miguu kwa makusudi, kwani uso ni mwiko. Mtoto asishushwe hadi kwenye pua ya mbwa, wala asiwekwe sakafuni karibu naye ili kupigwa picha. Utambulisho uliochukua dakika moja bila tukio umetosha kwa siku hiyo.

Uangalizi ni nini hasa

Neno uangalizi hutumika kwa wepesi, na hapo ndipo ajali hupenya. Mama anayenyonyesha huku anasinzia haangalii. Baba aliye chumba hicho hicho lakini anatazama simu haangalii. Kaka wa miaka minane hawezi kukabidhiwa kazi hii, hata kama mbwa humtii. Mwangalizi ni mtu mzima, aliye macho, asiye na shughuli nyingine, aliye karibu kiasi cha kuweka mkono wake kati ya mbwa na mtoto. Mwangalizi akitaka kwenda kuzima jiko, anaondoka na mmoja wao: ama anambeba mtoto, ama anamtoa mbwa. Jifunzeni kufanya hivyo hata kwa safari ya nusu dakika, maana mbwa hahitaji zaidi ya hapo. Na chandarua si kizuizi. Mtoto aliyelala chini ya chandarua, mbwa akiwa chumbani, hana kinga.

Katika siku 40 za kwanza nyumba zetu hujaa wageni. Bibi atakuwepo, shangazi atakuja, na majirani wataingia na kutoka, kila mmoja akidhani mwingine ndiye anayeangalia. Kwa heshima zote, waelezeni kanuni hii mapema, na mtajeni kwa jina anayewajibika wakati huo: "Mama, sasa hivi Simba yuko ndani, tafadhali usimwache mtoto." Ikiwa hakuna anayeweza kubeba wajibu huo, Simba akae nyuma ya kizuizi akiwa na maji, kivuli na mfupa wa kutafuna. Asifungwe mnyororo mchana kutwa. Mbwa wa mnyororo hawezi kukimbia anachokiogopa, hivyo hubaki na njia moja tu, kuuma. Na mtoto akianza kutembea hatajua mwisho wa mnyororo uko wapi.

Mbwa aliyechoshwa na hali hueleza kabla ya kuuma. Hulamba midomo ilhali hakuna chakula, hupiga miayo ilhali hana usingizi, hugeuza kichwa, hukunja mkia, huonyesha weupe wa pembeni mwa macho. Hayo yote ni maombi ya kupewa nafasi. Mpeni nafasi hiyo kwa kumwita kwa upole aondoke. Akikaza mwili na kuganda, au akinguruma, mwondoeni mtoto mara moja, kisha kwa utulivu mtoeni mbwa. Asiadhibiwe kwa kunguruma. Ngurumo ni onyo, na mbwa aliyepigwa kwa ajili yake hujifunza kunyamaza. Safari nyingine huuma bila kuonya, na watu husema aliuma ghafla.

Kipindi cha pili cha hatari

Familia nyingi hulegeza kanuni mtoto akifika miezi mitano au sita, kwa kuwa hakuna baya lililotokea. Wakati huo huo ndipo mtoto anapokaribia kuanza kutambaa. Hapo awali Simba ndiye aliyemwendea mtoto. Sasa mtoto ndiye anayemwendea Simba, akishika sikio, akivuta mkia, akijiinua kwa kushikilia manyoya, akiingiza mkono katika bakuli. Mbwa aliyelala akashtuliwa, au aliyeingiliwa anapokula, anaweza kuuma hata kama alimvumilia kichanga vizuri.

Kwa hiyo kabla mtoto hajaanza kutambaa, hakikisheni kwamba bakuli la mbwa, mkeka wake na mifupa yake viko upande wa pili wa kizuizi, ambako mtoto hafiki kabisa. Bakuli liondolewe mbwa akimaliza. Sakafu anayotambaa mtoto na uwanja anaochezea visafishwe kinyesi cha mbwa kila siku, kwa sababu mayai ya minyoo yaliyomo hukomaa udongoni na kumwingia mtoto kwa mikono. Kwa mbwa mzima, dawa ya minyoo kila miezi mitatu ni desturi nzuri. Daktari ataeleza kipimo kulingana na uzito.

Pale maandalizi yasipotosha

Wapo mbwa ambao hatushauri waishi na mtoto mdogo: aliyewahi kumng'ata mtoto, anayemkazia mwili mtu mzima anapokaribia chakula chake, au anayeonyesha ile hali ya kuwinda tuliyoieleza. Kumtafutia mbwa wa namna hiyo makao mengine kwa watu wazima wasio na watoto, huku mkieleza ukweli wote wa tabia yake, ni uamuzi wa haki kwa mtoto na kwa mbwa. Kumpa mtu mwingine huku mkificha ni kuihamisha hatari tu. Vilevile, msinunue mbwa mpya wa ulinzi katika miezi ya karibu na uzazi. Na mkikutana na mwalimu wa mbwa anayeahidi kwa malipo kwamba mbwa wenu hatauma kamwe, hifadhini fedha zenu. Mwalimu wa kuaminika hutaka kumwona mbwa nyumbani kwenu, hueleza mbinu zake mbele yenu, na hatoi ahadi hiyo.

Mtoto akiumwa au akikwaruzwa na meno, hata kidogo, osheni jeraha kwa maji yanayotiririka na sabuni kwa dakika 15 kamili, kisha nendeni hospitali siku hiyo hiyo. Msipake mafuta ya taa, majivu wala dawa yoyote ya kienyeji. Ikiwa damu inatoka kwa nguvu, au jeraha liko usoni au shingoni kwa kina, bonyezeni kwa kitambaa safi na muwahi hospitali kwanza. Kichaa cha mbwa, dalili zake zikishaanza, karibu hakina anayepona. Chanjo inayotolewa mapema baada ya kuumwa ndiyo inayookoa. Chukueni cheti cha mbwa, lakini kutokuwa nacho kusiwacheleweshe. Mbwa asiuawe wala asifukuzwe. Afungiwe mahali salama na ofisa mifugo aarifiwe, ili aangaliwe kwa siku 10. Hali yake katika siku hizo itamsaidia daktari kuamua kama chanjo iliyokwisha kuanza iendelee.

Wiki nane alizopewa Simba si nyingi, na gharama yake kubwa ni saa za watu wa nyumba hiyo. Kwa yeyote ambaye siku zake zimekwisha kukaribia na hajaanza, tunashauri aanze na mawili leo: chanjo ya mbwa na mlango unaofungika. Mengine yanaweza kufuata, mlango huo ukiwa umefungwa.